Michezo ya Bure ya Simu Yazidi Kuzaa Madeni: Chanzo ni Mlango Unaobaki Wazi Baada ya Neno la Siri

Katika maduka ya programu za simu, bidhaa inayoweza kumgharimu mnunuzi kuliko zote ni ile isiyo na bei. Mchezo wa simu ulioandikwa kuwa ni wa bure huingia kwenye simu bila kulipiwa, lakini ndani yake mna duka jingine linalouza vito, sarafu, silaha, nguo za wachezaji na muda wa kuendelea kucheza. Bidhaa hizo hulipiwa kwa fedha halisi, na bei ya kifungu kimoja huanzia chini ya Dola moja ya Kimarekani hadi kufikia Dola 99.99.

Biashara hii si haramu, na watu wazima wengi hununua kwa hiari yao. Tatizo linalowahusu wafanyabiashara na wenye mitaji midogo ni kwamba simu anayochezea mtoto jioni mara nyingi ndiyo simu ya kazi. Kadi ya benki iliyowekwa humo kwa ajili ya kulipia matangazo, tiketi au mizigo ndiyo hiyo hiyo inayolipia vito. Mtoto anaponunua, fedha haitoki kwenye matumizi ya nyumbani bali kwenye mtaji, na mwenye mtaji hupata habari siku anapotaka kumlipa mwenye mzigo na kukuta salio limepungua.

Wazazi wengi huamini kuwa hasara ya namna hii hutokana na mtoto aliyeiba neno la siri. Kumbukumbu za kesi zilizosikilizwa nchini Marekani zinaonyesha jambo tofauti. Mara nyingi neno la siri liliandikwa na mzazi mwenyewe, mara moja, kwa ununuzi mmoja. Kilicholeta deni ni muda uliofuata.

Dakika 15 zilizoigharimu Apple

Kampuni ya Apple iliruhusu ununuzi wa ndani ya programu mwaka 2009, na kabla ya mwaka huo kwisha ikauruhusu hata katika programu za bure. Tangu hapo mchezo uliweza kutolewa bure, kisha ukakusanya fedha polepole kutoka kwa mchezaji.

Januari 2014 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, inayosimamia haki za wanunuzi, ilitangaza makubaliano na Apple. Kampuni hiyo ilikubali kurudisha si chini ya Dola milioni 32.5 kwa wateja waliotozwa kwa ununuzi uliofanywa na watoto bila idhini. Tume ilisema Apple ilikuwa imepokea malalamiko yasiyopungua makumi ya maelfu. Mama mmoja alieleza kwamba binti yake alitumia Dola 2,600 katika mchezo wa hoteli ya wanyama uitwao Tap Pet Hotel.

Utaratibu uliolalamikiwa ulikuwa hivi. Mtoto alipobonyeza kununua, simu iliomba neno la siri. Mzazi aliliandika akidhani anaidhinisha ununuzi mmoja. Kumbe neno hilo lilifungua mlango kwa dakika 15, na katika muda huo mtoto aliweza kununua mara nyingi kadiri alivyotaka bila kuulizwa tena. Kwa mujibu wa Tume, mzazi hakuelezwa kwamba mlango ulikuwa unabaki wazi.

Makamishna hawakuwa na kauli moja. Watatu waliunga mkono makubaliano hayo na mmoja, Joshua Wright, alipinga, akisema kwamba malalamiko hayo yalikuwa sehemu ndogo mno ya mauzo yote. Hoja yake ina ukweli wa kibiashara, kwani simu nyingi hazijawahi kuleta deni la aina hii. Lakini hasara ya namna hii haigawanywi sawa kwa wateja wote. Huiangukia nyumba moja kwa wingi, na nyumba ya jirani isiguswe kabisa.

Google nayo ilifikia makubaliano na Tume hiyo mwezi Septemba mwaka huo huo wa 2014, ikakubali kurudisha si chini ya Dola milioni 19. Ilipoanza huduma hii mwaka 2011, neno la siri halikuhitajika hata kidogo. Mwaka 2012 ilianza kuliomba, lakini kila lilipoandikwa lilifungua mlango kwa dakika 30.

Amazon ilichagua kwenda mahakamani. Ilikuwa imeanza kuuza kwa njia hii Novemba 2011 bila kuomba neno la siri, ikijiwekea asilimia 30 ya kila mauzo. Machi 2012 ilianza kuliomba neno hilo kwa ununuzi uliozidi Dola 20 tu, hivyo mtoto aliweza kununua vifungu vya Dola 19 mfululizo bila kizuizi. Barua za ndani ya kampuni zilizotolewa katika kesi hiyo zilionyesha kwamba tangu Desemba 2011 watumishi wake walikwisha kuonya kuwa hali inakaribia kuwa kama nyumba inayoungua. Mahakama iliamua dhidi ya Amazon mwaka 2016, na mwaka 2017 pande zote mbili zikaacha rufaa zao ili wateja waanze kurudishiwa fedha. Kiasi kilichoweza kudaiwa kilizidi Dola milioni 70.

Kesi hizi zilizilazimisha kampuni kupata idhini ya wazi kabla ya kutoza, na leo mteja anaweza kuufunga mlango huo kabisa. Hata hivyo muda wa kubaki wazi haujafutwa. Umebaki kama chaguo katika mipangilio ya simu, na simu yoyote iliyochaguliwa hivyo, iwe Kariakoo, Mombasa au Kampala, hufanya kazi kwa namna ile ile iliyoleta kesi za Marekani.

Hesabu ya jioni moja

Ili kuona namna deni linavyokua, tuseme kuna muuza vipuri vya pikipiki mwenye simu ya Android. Katika akaunti yake ya Google ameweka kadi ya benki ya akaunti ya duka, na simu imepangwa kuomba neno la siri kila baada ya dakika 30. Saa 1:10 usiku mwanawe wa miaka 8 anamwomba kifungu cha vito cha Shilingi 2,500. Baba anaona ni bei ya soda mbili au tatu, anaandika neno la siri, anamrudishia mtoto simu na kuendelea na hesabu zake.

Vito vinakwisha saa 1:14. Mchezo unaonyesha sanduku kubwa zaidi lenye kitufe cha rangi ya kijani. Mtoto anabonyeza, na kwa kuwa mlango uko wazi, simu haiulizi neno. Kati ya hapo na saa 1:25 ananunua vifungu vinne vya Shilingi 12,500, jumla Shilingi 50,000. Kisha mchezo unatangaza bei ya punguzo itakayokwisha baada ya dakika chache, naye ananunua vifungu viwili vya Shilingi 50,000. Saa 1:37 ananunua sanduku la Shilingi 250,000. Saa 1:40 mlango unafungwa, simu inaomba neno la siri, na mtoto anaacha kwa sababu halijui.

Baba ameidhinisha Shilingi 2,500. Zilizotoka bila idhini yake ni Shilingi 400,000. Hakuna aliyeiba wala kuvunja kitu, na simu imefuata mipangilio yake barabara.

Mtoto naye hakuona bei kama baba anavyoiona. Ndani ya mchezo bidhaa haina bei ya shilingi, ina bei ya vito. Shilingi huonekana mara moja tu, wakati wa kununua vito, na baada ya hapo matumizi yote huhesabiwa kwa fedha ya mchezo. Aghalabu vifungu hupangwa visilingane na bei ya bidhaa: upanga ni vito 350, lakini kifungu kinachouzwa ni cha 300 au 800. Mnunuzi wa kile kidogo hupungukiwa, na wa kile kikubwa hubaki na chenji isiyotosha kununua kingine. Kwa vyovyote vile hurudi dukani. Mfanyabiashara wa rejareja ataitambua mbinu hiyo mara moja, ila mtoto wa miaka 8 haitambui.

Kufuli la kwanza: kuulizwa kila mara

Hatua ya kwanza ni kuondoa ule muda wa wazi. Majina ya vitufe yanayofuata ni yale yanayoonekana katika simu iliyowekwa lugha ya Kiingereza, na yanaweza kutofautiana kidogo kwa simu za zamani.

Katika simu ya Android hufunguliwa programu ya Google Play, kisha hubonyezwa picha ya mwenye akaunti iliyo juu kulia na kuchaguliwa "Settings". Ndani yake mna "Purchase verification", ambayo katika matoleo ya nyuma iliitwa "Authentication". Hapo mwenye simu huulizwa athibitishe mara ngapi, na jibu linalofaa ni "Always", yaani kila mara. Chaguo la dakika 30 ndilo mlango ulioelezwa juu, na "Never" ni kuacha duka bila mlango kabisa.

Google huomba uthibitisho kila mara katika michezo iliyotengwa kwa ajili ya watoto wa miaka 12 na chini, hata kama mwenye simu amechagua vingine. Ulinzi huo ni mzuri lakini ni mwembamba, kwa sababu watoto wengi hawachezi michezo hiyo tu. Hucheza michezo ya vita, ya mpira na ya magari iliyotengenezwa kwa watu wa rika zote, na huko linalofuatwa ni chaguo la mwenye simu.

Katika iPhone huchaguliwa "Settings", kisha jina la mwenye simu, kisha "Media & Purchases", na ndani yake "Password Settings". Hapo huchaguliwa "Always Require" badala ya "Require After 15 Minutes". Ikiwa simu hutumia uso au alama ya kidole kununulia, ukurasa huo huenda usionekane, kwa kuwa kila ununuzi huthibitishwa kwa njia hiyo.

Kufuli hili hushindwa kwa njia mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni mtoto kulijua neno la siri, hasa pale linapokuwa sawa na namba ya kufungulia simu. Ya pili ni alama ya kidole cha mtoto kusajiliwa katika simu ya mzazi ili aweze kuifungua mwenyewe. Kwa simu inayothibitisha ununuzi kwa kidole, kidole hicho sasa ni saini ya benki. Mzazi anayetaka kujua kama kufuli linafanya kazi ampe mtoto simu mbele yake, ambonyezee kifungu cha bei ndogo, na aangalie kama simu itadai uthibitisho wa mzazi kabla ya kutoza. Kisha arudi nyuma bila kununua.

Kufuli la pili: kuzima duka lenyewe

Kuulizwa kila mara kunatosha pale mzazi anapokuwa karibu. Pale simu inapobaki na mtoto kwa saa nyingi, ni afadhali duka la ndani ya mchezo lifungwe kabisa.

Wenye iPhone wana njia iliyo wazi. Huchagua "Settings", kisha "Screen Time", kisha "Content & Privacy Restrictions" na kuiwasha. Baada ya hapo huingia "iTunes & App Store Purchases", kisha "In-app Purchases", na kuchagua "Don't Allow". Kazi haijakamilika mpaka mzazi aweke namba ya siri ya "Screen Time" isiyofanana na namba ya kufungulia simu, kwa sababu bila hiyo mtoto anaweza kurudi alikopita mzazi na kufungua tena. Kufuli hilo humzuia hata mwenye simu, naye atalazimika kulifungua kila anapotaka kununua kitu kwa njia hiyo.

Kwa mtoto mwenye iPhone au tableti ya Apple yake mwenyewe, akaunti yake huunganishwa na familia na kuwekewa "Ask to Buy". Mtoto anapotaka kununua, ombi hutumwa kwenye simu ya mzazi, naye hukubali au kukataa. Kwa walio chini ya miaka 13 huduma hii huwashwa yenyewe, na mzazi anaweza kuiwasha kwa mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18. Haihusu vocha za zawadi: mtoto akipewa namba ya vocha anaweza kuiingiza bila ombi kufika kwa mzazi. Aidha, familia inayoshiriki ununuzi hutozwa kwa njia ya malipo ya yule aliyeianzisha, hivyo inafaa ajue kadi gani iliyo hapo.

Katika Android kazi kama hiyo hufanywa na programu ya Family Link. Mzazi hufungua akaunti ya Google kwa jina la mtoto, huisimamia kutoka kwenye simu yake, na katika sehemu ya Google Play huchagua ni ununuzi upi uhitaji kibali. Chaguo lenye ulinzi mkubwa ni "All content", ambalo hudai kibali hata kwa programu za bure. Mpaka wake ni kwamba kibali kinahusu malipo yanayopita katika utaratibu wa Google tu. Kampuni kadhaa za michezo zina maduka yao nje ya Google Play, na mtoto mwenye namba za kadi anaweza kununua huko bila Family Link kujua.

Wazazi hukosea sana hapa kwa kumpa mtoto simu mpya, kisha kuingiza humo akaunti ya Google ya mzazi kwa sababu ni njia ya haraka. Kadi huambatana na akaunti, haiambatani na kifaa. Simu ya mtoto iliyofunguliwa kwa akaunti ya mfanyabiashara ina kadi ya mfanyabiashara tangu dakika ya kwanza, ingawa hakuna aliyeiandika humo.

Kufuli la tatu: kupunguza fedha iliyo nyuma ya mlango

Makufuli mawili ya kwanza hulinda mlango. La tatu hupunguza kilichomo ndani, na kwa mwenye mtaji mdogo ndilo la kutegemewa kuliko yote, kwa sababu hata likivunjwa hasara ina kikomo.

Akaunti ambayo haina haja ya kununua chochote haihitaji kuwa na kadi. Katika Google Play mtu hubonyeza picha yake, huchagua "Payments & subscriptions", kisha "Payment methods", na kupitia "More payment settings" hufikia ukurasa wa kuondolea kadi. Katika iPhone hupitia "Settings", jina lake, kisha "Payment & Shipping". Pale malipo ya kupitia muda wa maongezi yanaporuhusiwa na kampuni ya simu, nayo huonekana katika orodha hiyo na yanafaa kuondolewa. Mtu anaweza kuondoa kadi na kusahau laini ya simu, na mtoto akaendelea kula salio la vocha.

Anayetaka kumruhusu mtoto anunue kidogo atumie vocha ya duka au kadi ya kulipia kabla yenye kiasi kilichokusudiwa. Katika hesabu ya muuza vipuri, kama akaunti ingekuwa na Shilingi 5,000 tu, ununuzi wa kwanza wa Shilingi 2,500 ungepita, na kilichobaki cha kupoteza kingekuwa Shilingi 2,500. Kama angechagua kuulizwa kila mara, mtoto angekwama saa 1:14 na hasara ingekuwa sifuri. Njia zote mbili hazimgharimu senti.

Lipo jambo moja linalowapotosha hata watu makini. Google Play ina sehemu ya kuweka bajeti ya mwezi. Wengi huweka, tuseme, Shilingi 10,000 wakidhani duka litakataa kuuza kiasi hicho kikifika. Halikatai. Bajeti hiyo ni ya kumbukumbu tu: humwonyesha mwenye akaunti kiasi alichotumia na kumwarifu anapokaribia kikomo, lakini ununuzi huendelea. Si kufuli, na haipaswi kuhesabiwa kuwa kufuli.

Fedha ikishatoka

Dalili ya kwanza huja kwa barua pepe. Kila ununuzi hutolewa risiti, lakini hutumwa kwenye anwani ambayo wafanyabiashara wengi hawaifungui kwa majuma. Katika taarifa ya benki, makato ya Google huanza na neno "GOOGLE" likifuatwa aghalabu na jina la mchezo au la kampuni yake, na ya Apple husomeka "APPLE.COM/BILL". Makato madogo yanayofuatana kwa dakika chache, hasa jioni au siku ya mapumziko, ndiyo alama ya mlango uliobaki wazi.

Baada ya hapo muda una thamani. Kwa Google, ombi la kurudishiwa fedha hufanywa kwenye ukurasa wa play.google.com, na nafasi ya kukubaliwa ni kubwa zaidi ndani ya saa 48 tangu kununua. Saa hizo zikipita, mara nyingi mteja huelekezwa kwa kampuni iliyotengeneza mchezo. Kwa Apple, ombi huwasilishwa katika ukurasa wa reportaproblem.apple.com. Kila ununuzi huombewa kwa risiti yake, hivyo yule muuza vipuri ana maombi saba ya kujaza, na inafaa aandike sababu moja kwa yote: ununuzi ulifanywa na mtoto bila idhini. Kabla ya kuomba, asiruhusu vito vilivyonunuliwa kuendelea kutumiwa, kwani bidhaa iliyokwisha tumika hudhoofisha dai.

Wengine hukimbilia benki moja kwa moja na kupinga makato. Haki hiyo ipo, lakini ina gharama zake. Katika shauri la kampuni ya Epic Games, mwenye mchezo wa Fortnite, Tume ya Marekani ilieleza kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikifunga akaunti za wateja waliopinga makato kupitia kampuni za kadi, nao wakapoteza hata vile walivyovinunua kihalali. Desemba 2022 Epic ilikubali kulipa Dola milioni 245 za kurudishia wateja, baada ya Tume kuonyesha kwamba vitufe vya mchezo vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia, na kwamba hadi mwaka 2018 watoto waliweza kununua fedha ya mchezo kwa kubonyeza tu, bila mwenye kadi kuulizwa. Kwa sababu hiyo benki inafaa iwe mlango wa pili, baada ya duka la programu kukataa.

Kuna deni jingine ambalo halifanani na hilo la jioni moja. Baadhi ya michezo huuza usajili wa wiki au mwezi unaojirudia wenyewe. Kufuta mchezo kwenye simu hakufuti usajili, na makato huendelea ingawa mchezo haupo. Usajili hufutwa katika "Subscriptions", ambayo kwenye Google Play iko ndani ya "Payments & subscriptions" na kwenye iPhone iko chini ya jina la mwenye simu.

Kwa wiki hii

Mfanyabiashara anayemwachia mtoto simu ana mambo matatu ya kukagua kabla ya kufunga hesabu za wiki. Aangalie kama duka limepangwa kumuuliza kila mara. Aangalie ni kadi ipi au laini ipi iliyoambatanishwa, na kama ni ya akaunti ya duka, aiondoe au aibadilishe kwa ile yenye salio dogo. Kisha asome orodha ya ununuzi ya siku 30 zilizopita katika "Budget & history" ya Google Play au "Purchase History" ya Apple, alinganishe na taarifa ya benki, na atie alama kwenye makato ambayo yeye hakuyaidhinisha.

Mwenye kununua hisa au kuangalia biashara hii kwa jicho la mtaji anaweza kusoma habari hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Mapato yanayotokana na idhini isiyo wazi yana deni lililofichwa ndani yake. Apple, Google, Amazon na Epic zote zilihesabu fedha hizo kuwa mauzo, na miaka kadhaa baadaye zikatakiwa kuzirudisha.